Jakpoti ya mechi 13 kwa bajeti isiyobadilika: pesa ya kufunika iende kwenye mechi ipi?

Mkeka wa jakpoti hausamehe. Mechi 13, kila moja ina matokeo matatu (1 mwenyeji anashinda, X sare, 2 mgeni anashinda), na zawadi kubwa inamwendea aliyepatia zote. Ukizidisha 3 kwa 3 mara 13 unapata mistari 1,594,323. Mstari mmoja hapa ni ubashiri mmoja kamili wa mechi zote. Mechi zikiwa 17, mistari inafika 129,140,163. Hakuna bajeti ya mtu wa kawaida inayofunika hayo yote, kwa hiyo kazi yako ni kuchagua. Una pesa ya mistari michache, tuseme isiyozidi 64, nawe unataka kila mstari uliolipia ufanye kazi.

Wengi huweka matokeo mawilimawili kwenye kila mechi inayowatia wasiwasi mpaka pesa iishe. Nitaonyesha kwa hesabu kwamba njia hiyo mara nyingi inalipa zaidi na kupata kidogo. Nahesabu bajeti kwa idadi ya mistari, kwa sababu dau la mstari linatofautiana kati ya mchezo na mchezo.

Kabla ya chochote, soma masharti

Angalia mambo matatu. Kwanza, kuna bonasi kwa waliokosa mechi moja au mbili, au zawadi ni ya 13 peke yake? Jibu hilo linabadilisha mkeka mzima, na nitalirudia mbele. Pili, mechi ikiahirishwa inakuwaje? Michezo mingine hupiga kura kupata tokeo, mingine huhesabu kila chaguo kuwa sahihi, mingine huiondoa mechi kwenye orodha. Tatu, kuna kikomo cha kufunika? Baadhi ya michezo hukuwekea idadi ya juu ya mechi unazoweza kuzipa matokeo mawili au matatu. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida kinachohesabiwa ni dakika 90 pamoja na za nyongeza ya majeruhi. Mechi ya mtoano iliyoisha sare na kuamuliwa kwa penalti, kwenye mkeka ni X.

Hatua ya 1: geuza odi kuwa asilimia

Huwezi kujua mechi ipi inastahili pesa bila kujua nafasi ya kila tokeo, na odi za mechi mojamoja ndizo kipimo bora kinachopatikana kirahisi. Chukua mechi yenye odi 2.10 kwa mwenyeji, 3.30 kwa sare na 3.60 kwa mgeni. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata 0.476, 0.303 na 0.278. Jumla yake ni 1.057. Hiyo 0.057 ya ziada ni faida ya kampuni, si nafasi ya mtu yeyote. Iondoe kwa kugawanya kila namba kwa 1.057, na unabaki na asilimia 45, 29 na 26.

Fanya hivyo kwa mechi zote 13 na uzipange kuanzia ile yenye tokeo lenye nguvu zaidi hadi ile iliyo sawa kwa sawa. Fanya kazi hii karibu na muda wa kufunga mikeka, maana odi husogea vikosi vinapojulikana. Asilimia za siku nne kabla zinaweza kuwa zinamhesabu mshambuliaji ambaye hatacheza.

Hatua ya 2: jua kila nyongeza inakugharimu nini

Ukiipa mechi moja matokeo mawili badala ya moja, mistari yote inazidishwa kwa 2. Ukiipa yote matatu, inazidishwa kwa 3. Hakuna kujumlisha hapa. Mechi mbili zenye matokeo matatu na mbili zenye mawili ni 3 × 3 × 2 × 2, yaani mistari 36. Mechi sita zenye mawili ni 64.

Chunguza sasa jambo ambalo halionekani kwa haraka. Mechi yenye matokeo mawili tayari ukiiongezea la tatu, mistari inatoka mara 2 kwenda mara 3. Gharama imepanda kwa nusu tu. Lakini mechi yenye tokeo moja ukiiongezea la pili, gharama yote inapanda maradufu. Kwa hiyo swali la kuuliza kila unapoongeza tokeo ni hili: gharama imepanda kwa kiasi gani, na nafasi ya kushinda imepanda kwa kiasi gani?

Mfano wa mechi iliyo sawa kwa sawa, asilimia 37, 33 na 30. Ukiwa umefunika mawili ya kwanza una asilimia 70. Ukiongeza la tatu unafika 100. Nafasi imekua kwa asilimia 43 hivi, gharama kwa asilimia 50. Linganisha na mechi ya 50, 28 na 22 ambayo uliiwekea tokeo moja. Ukiongeza la pili unatoka 50 kwenda 78, nafasi inakua kwa asilimia 56, lakini gharama imepanda kwa asilimia 100. Nyongeza ya kwanza inakaribia kujilipa. Ya pili inaachwa mbali na gharama yake.

Hatua ya 3: andika mipango inayoingia kwenye bajeti, kisha uilinganishe

Tuifanye kazi yote kwa orodha moja. Mechi ya 1 hadi ya 7 zina tokeo linaloongoza lenye asilimia 72, 68, 65, 60, 58, 55 na 52. Zilizobaki ni hizi:

| Mechi | Linaloongoza | La pili | La tatu |
|---|---|---|---|
| 8 | 50 | 28 | 22 |
| 9 | 48 | 28 | 24 |
| 10 | 45 | 29 | 26 |
| 11 | 42 | 30 | 28 |
| 12 | 40 | 31 | 29 |
| 13 | 37 | 33 | 30 |

Mstari mmoja wa matokeo yote yanayoongoza una nafasi 1 kati ya 4,700 hivi. Na orodha hii nimeipunguzia ugumu. Jakpoti nyingi huchagua mechi ngumu zaidi kwa makusudi.

Kupata nafasi ya mpango wowote, zidisha asilimia ulizofunika katika kila mechi. Mechi yenye tokeo moja inaingia na asilimia ya tokeo hilo, yenye mawili inaingia na jumla ya mawili, na yenye matatu inaingia kama 1, yaani haipunguzi kitu. Kwa bajeti yetu ya mistari isiyozidi 64, mipango mitano inafaa kupimwa:

- Mistari 32: mechi 9 hadi 13 matokeo mawilimawili. Nafasi ya kupatia zote 13 ni 1 kati ya 314.
- Mistari 36: mechi 12 na 13 matatu, mechi 10 na 11 mawili. Nafasi ni 1 kati ya 247.
- Mistari 48: mechi 13 matatu, mechi 9 hadi 12 mawili. Nafasi ni 1 kati ya 220.
- Mistari 54: mechi 11, 12 na 13 matatu, mechi 10 mawili. Nafasi ni 1 kati ya 178.
- Mistari 64: mechi 8 hadi 13 matokeo mawilimawili. Nafasi ni 1 kati ya 201.

Angalia mbili za mwisho. Mpango wa 64, ule wa kutawanya matokeo mawilimawili kwenye mechi sita, una gharama kubwa kuliko zote lakini unashindwa na mpango wa 54. Unalipa mistari 10 zaidi ili upunguze nafasi yako. Ndiyo maana nasema mechi iliyo sawa kwa sawa ifungwe kabisa kwa matokeo matatu kabla hujaanza kugusa mechi zenye mwelekeo. Hiyo mistari 10 inayobaki si lazima itumike. Bajeti ni kikomo, hailazimiki kuisha.

Kanuni hii ina mpaka wake, nao ni lile tokeo la tatu. Tuseme mechi ya 13 ingekuwa 46, 42 na 12, kama inavyotokea mwenyeji anayekaba vizuri akikutana na mgeni asiyefunga. Matokeo mawili yangekupa asilimia 88. Kuongeza la tatu kungekuza nafasi kwa chini ya asilimia 14 huku gharama ikipanda kwa 50. Hapo unabaki na mawili na pesa inahamia kwingine. Kwa hiyo usiangalie tu tokeo linaloongoza lina nguvu kiasi gani. Angalia pia lile la mwisho. Mechi ambayo la mwisho limefika asilimia 25 au zaidi inastahili matatu. Ikiwa liko chini ya 15, mawili yanatosha.

Hatua ya 4: zitazame mechi ulizoziacha na tokeo moja

Watu hujadili kwa saa nzima zile mechi walizofunika, kisha hupita haraka kwenye zile walizoziita za uhakika. Mkeka huchanikia hapo. Katika mpango wa mistari 54, mechi 1 hadi 9 zina tokeo mojamoja. Ukizidisha asilimia zake, nafasi ya zote tisa kutoka salama ni 1 kati ya 132. Kwa wastani utapatia tano na ushee kati ya tisa. Hata ungefunga mechi nne za mwisho zote kwa matokeo matatu, kwa mistari 81, usingevuka hiyo 1 kati ya 132.

Ukishaona hivyo, unajua muda wako wa kuchunguza uende wapi. Habari moja ya kweli kuhusu mechi ya 8 au ya 9, kwa mfano kwamba mgeni amepumzisha kikosi kwa sababu ya mechi nyingine katikati ya wiki, ina thamani kuliko kubishana kuhusu mechi ya 13 ambayo umeshaifunga. Habari ikibadilisha asilimia, rudi hatua ya 3 na uhesabu upya. Usiongeze tokeo la pili kwa wasiwasi tu, maana kila wasiwasi mmoja unazidisha bili kwa 2.

Na usifunike mechi kwa sababu ni ya timu unayoipenda au kwa sababu ni mechi kubwa. Asilimia 65 ni 65 hata kama roho inadunda.

Hatua ya 5: mifumo iliyopunguzwa, na inapodanganya

Kuna njia ya kufunika mechi nyingi kwa mistari michache, kwa kukubali kukosa moja. Mechi nne zenye matokeo matatu zingehitaji mistari 81 kuzifunga zote. Mistari 9 ifuatayo inahakikisha kwamba, vyovyote zitakavyoisha hizo nne, kuna mstari mmoja uliopatia angalau tatu:

```
1 1 1 1
1 X X 2
1 2 2 X
X 1 X X
X X 2 1
X 2 1 2
2 1 2 2
2 X 1 X
2 2 X 1
```

Jaribu mwenyewe. Fikiria zimeisha 2, 1, X, 1. Mstari wa mwisho umekosa mechi ya pili tu. Mambo haya wabashiri wameyafanyia kazi muda mrefu: mwaka 1947 Mfini Juhani Virtakallio alichapisha katika jarida la wabashiri wa soka mfumo wa mistari 729 kwa mechi 11, unaohakikisha angalau tisa sahihi, wakati mistari kamili ya mechi hizo ni 177,147. Mwaka 1949 Marcel Golay alichapisha muundo huohuo kwa kazi nyingine kabisa, ya kurekebisha makosa katika mawasiliano.

Hisabati yake ni nzuri kweli, lakini neno hilo «inahakikisha» lina sharti: mechi zako zote za tokeo moja ziwe zimetoka salama. Rudi kwenye orodha yetu na uchukue bajeti ndogo ya mistari 9. Njia ya kwanza ni ya kawaida, mechi 12 na 13 kwa matokeo matatu na nyingine zote tokeo moja. Njia ya pili ni mfumo huo wa mistari 9 kwenye mechi 10 hadi 13, herufi zikipangwa ili mstari wa kwanza uwe wa matokeo yanayoongoza.

Njia ya kawaida ina nafasi 1 kati ya 696 ya kupatia 13, na 1 kati ya 68 ya kupatia angalau 12. Mfumo uliopunguzwa una 1 kati ya 1,170 hivi kwa 13, na 1 kati ya 75 kwa angalau 12. Umeshindwa kote kuwili, hata kwenye 12 unayodaiwa kuilinda. Sababu ni kwamba mfumo unagawa mistari yake sawasawa, ukilipia matokeo dhaifu kama yale yenye nguvu, na mechi tisa za tokeo moja zinaleta makosa mengi kiasi kwamba ile hakikisho haipati nafasi ya kufanya kazi.

Mfumo huu unafaa pale mambo mawili yanapokutana: jakpoti inalipa bonasi ya maana kwa 12, na mechi zako za tokeo moja ni chache au zina nguvu sana huku zile nne zikiwa theluthi kwa theluthi. Kama zawadi ni ya 13 peke yake, uache kabisa.

Hatua ya 6: kumbuka mfuko unagawanywa

Katika jakpoti nyingi washindi wakiwa wengi wanagawana. Kwa hiyo mistari miwili yenye nafasi sawa haina thamani sawa. Umati hupenda timu kubwa na hauna hamu na sare, kwani watu wengi wanataka kumtaja mshindi. Ikiwa kwenye mechi unayoifunika mara mbili X na 2 zinakaribiana, kwa mfano 29 na 28, mimi nachukua X. Sipotezi kitu kwenye nafasi, na ikitokea nitakuwa na watu wachache wa kugawana nao. Usiende mbali zaidi ya hapo. Kuacha tokeo la asilimia 45 ili kuwa tofauti na wengine ni kuchana mkeka kwa mkono wako.

Mfuko wa jakpoti hukatwa sehemu ya mwendeshaji kabla ya kugawanywa, hivyo wiki ya kawaida, hata ukipanga vizuri, mstari unarudisha kwa wastani chini ya dau lake. Wiki ambayo zawadi imelimbikizwa kwa kukosa mshindi ina hesabu nzuri kidogo, ingawa nayo huvuta wachezaji wengi. Ndiyo maana ile namba ya mistari uliyoiandika mwanzoni haiongezwi wiki inayofuata kufidia iliyopotea. Nafasi ya 1 kati ya 178 haijui kama wiki iliyopita ulikosa moja.

Hatua ya 7: kagua kabla ya kulipa, na ujue kusoma matokeo

Kabla hujathibitisha, tazama idadi ya mistari kwenye skrini. Kwa mpango wetu lazima isomeke 54. Ikisomeka 108, kuna mechi umeibonyeza matokeo mawili bila kukusudia. Ikisomeka 36, mojawapo ya zile tatu imebaki na mawili. Namba hiyo moja inakuonyesha makosa karibu yote ya vidole.

Mechi zikiisha, usitupe mkeka kwa sababu moja ya tokeo moja imeanguka. Kama nyingine zote zimetoka salama, mpango wa 54 bado una mstari mmoja wenye 12 na mistari saba yenye 11, na kila mstari unadai bonasi yake. Ikiwa iliyoharibika ni mechi ya 10, ile yenye matokeo mawili, una mistari miwili yenye 12 na kumi na miwili yenye 11, kwa kuwa chaguo zako zote mbili zimekosa kwa usawa. Na ukipatia zote 13, pamoja na zawadi kubwa kuna mistari saba yenye 12. Ihesabu mwenyewe na uilinganishe na ulicholipwa, hasa wiki ambayo mechi imeahirishwa na tokeo lake limepatikana kwa kura. Tokeo hilo la kura ndilo linalotumika kwenye mkeka, hata kama mechi itachezwa baadaye na kuisha vingine.